Spea zako kwenye rafu ya mteja: namna ya kuweka mali ya amana bila kuipoteza

Dalali wa mahakama alipoingia kwenye yadi ile alikuwa na amri ya kukamata mali za kampuni ya malori, mteja wetu wa spea, kwa deni ambalo kampuni ilidaiwa na mtu ambaye sisi hatukumjua kabisa. Aliorodhesha malori mawili na jenereta, kisha akafunguliwa stoo. Mle stoo kulikuwa na filta, mikanda na betri zetu za karibu shilingi milioni 14. Hazikuwa zimelipiwa hata senti, na makubaliano yalikuwa kwamba kampuni inalipia tu ile inayochukua. Kwa akili zetu zilikuwa mali yetu. Lakini wakili alipotuomba karatasi za kupinga ukamataji, tulichokuwa nacho ni ankara, kila moja ikiwa na tarehe ya siku mzigo ulipofika yadini. Ankara inasema neno moja tu: nimekuuzia. Karatasi yetu wenyewe ndiyo iliyotushinda.

Mtaani biashara hii tunaiita mali kauli, na tatizo linaanzia kwenye jina hilo, kwa sababu limebeba vitu viwili. La kwanza ni mkopo: nimekuuzia leo, utanilipa ukishauza. Hapo mali imeshahama na mimi nabaki na deni mkononi. La pili ni amana: nimekuwekea rafuni, bado ni yangu, utakuwa umenunua siku utakapochukua. Mambo yakienda vizuri huoni tofauti, hela inakuja ileile. Moto ukiwaka, mtu akifilisika au dalali akibisha hodi, tofauti ndiyo kila kitu.

Mwongozo huu ni wa hiyo ya pili, mali ya amana, pamoja na ndugu yake anayeongozana nayo mara nyingi: mpango wa msambazaji kuhesabu na kujaza rafu mwenyewe badala ya kusubiri oda. Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho. Msambazaji yuko Gerezani, Dar es Salaam. Mteja ana malori 30 na karakana yake iko Kibaha. Bei na idadi nitakazotumia ni za mfano.

Hatua ya 1: Tenganisha maswali matatu kabla ya kuandika chochote

Kaeni mezani mjibu, moja baada ya jingine: Nani mwenye mali? Nani anabeba hasara ikipotea au ikiharibika? Nani anaamua kiasi gani kiletwe? Watu wengi hudhani ukijibu moja umejibu yote. Si kweli. Mali inaweza kuwa ya msambazaji huku hasara ya wizi ikiwa ya mwenye yadi. Msambazaji anaweza kujaza rafu mwenyewe huku kila alicholeta kikiwa kimeshauzwa mlangoni.

Angalia hasa huo mchanganyiko wa mwisho. Msambazaji akijaza mwenyewe na mali ikahama siku ya kufika, anayeamua idadi ni mmoja na anayelipa kwa kuzidisha ni mwingine. Mwisho wa mwezi rafu inajaa vitu visivyotembea. Lakini anayejaza akibaki kuwa mwenye mali, kila filta ya ziada ni fedha yake mwenyewe inayolala Kibaha, kwa hiyo ataleta kwa kiasi. Ndiyo maana mipango hii miwili hupendwa pamoja. Kama wewe ni mteja na msambazaji anataka kujaza bila amana, dai haki ya kurudisha ziada kwa gharama yake.

Wahasibu wana kipimo kizuri cha kujua kama hii kweli ni amana. Kipo kwenye kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa mapato, IFRS 15, iliyoanza kutumika rasmi Januari 1, 2018. Inaangalia dalili tatu: je, msambazaji anaendelea kuitawala bidhaa mpaka tukio fulani litokee, kama vile kuuzwa au muda kwisha? Je, anaweza kudai irudishwe au kuipeleka kwa mwingine? Na je, aliyeitunza hana wajibu usio na masharti wa kuilipia? Ukiona mkataba umeandikwa "amana" juu, halafu ndani unasema mteja atalipa zote baada ya siku 60 hata kama hajazigusa na hawezi kuzirudisha, huo ni mkopo uliovalishwa kanzu ya amana. Msambazaji asizihesabu kwenye akiba yake, na mteja asijidanganye kwamba hana deni.

Hatua ya 2: Andika dakika ambayo mali inahama

Hiki ndicho kifungu ambacho ningekaa nacho muda mrefu kuliko vyote. Mali inahama lini? "Ikitumika" ni jibu la mtaani na halitoshi. Filta imetumika ilipotoka rafuni, ilipofungwa kwenye injini, au lori lilipotoka karakana?

Chagua kutoka rafuni. Fundi anaweza kuchukua filta asubuhi, akaiacha juu ya tairi, ikakanyagwa mchana. Kama mkataba unasema mali inahama ikifungwa, filta iliyokanyagwa ni ya msambazaji ambaye yuko Gerezani na hajui lolote. Na ikishafungwa kwenye injini na mafuta yakapita ndani, haki ya kuidai irudi haina maana tena. Kutoka rafuni ni kitu kinachoonekana, kina mtu, kina karatasi na kina saa. Kifungu chenyewe si kirefu:

"Bidhaa zitabaki mali ya Msambazaji mpaka zitakapotolewa kwenye rafu ya amana kwa kusainiwa kwenye daftari la kutolea. Zinapotolewa, Mteja atakuwa amezinunua kwa bei iliyo kwenye Kiambatisho cha bei siku hiyo. Bidhaa itakayokosekana wakati wa kuhesabu itachukuliwa kuwa imetolewa, isipokuwa kama upotevu wake unaangukia kifungu cha majanga."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayokuokoa kwenye hesabu, tutaiona mbele.

Usisahau kuweka kikomo cha muda. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, na ile ya Kenya, Sura ya 31, zote zina mizizi kwenye sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, na zina kanuni kuhusu bidhaa zilizotolewa kwa masharti ya kuuza au kurudisha: aliyepewa akikaa nazo kupita muda uliowekwa bila kutoa taarifa ya kuzikataa, mali inahamia kwake. Muda usipowekwa, sheria inaangalia muda wa kuridhisha, na hapo mtabishana mahakamani kuridhisha ni siku ngapi. Kwa hiyo andika wazi nini kinatokea baada ya, tuseme, siku 180: inarudi, inabadilishwa, au inanunuliwa.

Hatua ya 3: Gawanya hasara kwa chanzo chake

Usipoandika kitu, sheria hizo mbili zinaanza na kanuni kwamba hasara inamfuata mwenye mali. Maana yake, filta zikiwa zako na yadi ya mteja ikaungua, anayelia ni wewe. Kwa Tanzania, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka mtunzaji wa mali ya mwingine aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida angetunza mali yake ya aina hiyo. Akifanya hivyo, na hakuna makubaliano maalumu, hadaiwi. Moto ulioanzia kwa jirani, mafuriko, wezi waliovunja ukuta madhubuti usiku: vyote vinaweza kukuangukia wewe uliye kilomita arobaini kutoka hapo, bila ufunguo wa stoo.

Ninachopendekeza ni kugawanya hivi. Kukosekana kwa idadi wakati wa kuhesabu ni kwa mteja, maana yeye ndiye mwenye funguo na wafanyakazi. Uharibifu wa kutunza vibaya ni wake pia. Kasoro ya kiwandani ni ya msambazaji, hata iligundulika baada ya kufungwa. Moto, mafuriko na wizi wa kuvunja ni vya yule mwenye bima, na mkataba umtaje: hicho ndicho kifungu cha majanga.

Kwenye bima watu huumia bila kujua. Bima ya yadi ya mteja kwa kawaida inataja mali zake. Za wengine zilizo chini ya uangalizi wake haziingii mpaka ziongezwe kwa maandishi. Msambazaji naye ana bima ya ghala la Gerezani, siyo ya rafu ya Kibaha. Hivyo mzigo unaweza kukaa mwaka mzima katikati ya bima mbili bila kufunikwa na hata moja. Omba nakala ya bima, tafuta kwa macho yako maneno yanayotaja mali ya wengine, na angalia thamani iliyoandikwa inafikia rafu ikiwa imejaa, siyo wastani wake.

Betri zinahitaji aya yake. Betri ya asidi inapoteza chaji hata ikikaa tu. Ikiwa imejaa na imetulia hupima kama volti 12.6 au juu kidogo. Ikishuka chini ya 12.4 inataka kuchajiwa, na ikiachwa hivyo muda mrefu sahani za ndani zinaganda chumvi na haitarudi kuwa mpya. Basi nani anapima, na kila baada ya muda gani? Sisi tulikubaliana kwamba mtu wetu anapima kila anapokuja kuhesabu na kuandika volti kwenye kibandiko cha betri. Kabla ya hapo kila betri iliyokufa ilikuwa ugomvi: wao wanasema imekuja mbovu, sisi tunasema mmeiua.

Hatua ya 4: Fanya umiliki uonekane

Mkataba uko kwenye faili ofisini, dalali yuko stoo. Kwa hiyo umiliki lazima usomeke palepale. Rafu iwe ya peke yake, yenye kibao kikubwa: MALI YA fulani, IMEWEKWA KWA AMANA. Kila boksi liwe na kibandiko chenye namba yako. Na mteja asiweke rafu hiyo filta za aina ileile alizonunua kwa mwingine, kwa sababu zikishachanganyika hakuna atakayeweza kuthibitisha ipi ni yako.

Kwenye karatasi, mzigo unapoingia toa delivari noti, usitoe ankara. Iandikwe "bidhaa za amana, si mauzo", itaje namba ya mkataba, na isainiwe na stoo kipa mwenyewe. Ankara na risiti ya EFD zinakuja baada ya kuhesabu, kwa kile kilichotoka tu. Kabla ya mzigo wa kwanza kaa na mhasibu wako wa kodi mkubaliane jinsi ya kuonyesha bidhaa zilizohama ghala bila kuuzwa, na dereva awe na nakala ya mkataba pamoja na delivari noti, maana njiani ataulizwa.

Kuna wengine wawili wa kuwapa taarifa kwa barua: benki inayomkopesha mteja kwa dhamana ya mali zake, na mwenye nyumba kama yadi ni ya kupanga. Kwa Kenya jambo la mwenye nyumba ni zito zaidi, kwa kuwa kuna sheria maalumu, Sura ya 293, ya kukamata mali zilizomo kwenye jengo kwa ajili ya kodi ya pango. Huko pia kuna sheria ya mwaka 2017 ya haki za dhamana kwenye mali zinazohamishika, yenye rejista yake. Muulize wakili kama mpango wako unapaswa kuandikishwa humo.

Hatua ya 5: Weka kimo cha rafu

Sasa kujaza. Kimo ni idadi ambayo filta zilizokutwa siku ya kuhesabu, zikijumlishwa na zinazoagizwa siku hiyo, zinapaswa kuifikia. Tuchukue filta moja ya oili. Karakana ya Kibaha inatumia wastani wa filta 12 kwa wiki. Mtu wa msambazaji anakuja kuhesabu kila baada ya wiki 2, na mzigo unafika wiki 1 baada ya kuhesabu. Kwa hiyo oda ya leo lazima ivushe wiki 3: hizo 2 mpaka hesabu ijayo, na 1 ya kusubiri mzigo wa hesabu hiyo. Ongeza akiba ya dharura, hapa tuseme matumizi ya wiki moja.

```
kimo  = matumizi ya wiki × (wiki za kuhesabu + wiki za kusubiri) + akiba
kimo  = 12 × (2 + 1) + 12 = 48
kuleta = kimo − zilizokutwa
```

Jumatatu amekuta filta 21. Ataleta 27. Mzigo unapofika wiki moja baadaye, karakana imeshatumia 12, rafuni zimebaki 9, zinakuwa 36. Hapo ndipo stoo kipa mmoja alinipigia simu kwa hasira: "Kaka, tulikubaliana 48, mbona mnatupunja filta 12 kila safari?" Hakuna aliyepunjwa. Rafu haitafika 48 kamwe wakati matumizi yanaendelea kama kawaida. Itapanda hadi 36 na kushuka hadi 12, kisha itapanda tena, na zile 12 za chini ndizo akiba. Mweleze stoo kipa hili siku ya kwanza, kwa kuchora kwenye karatasi, la sivyo ataanza kuagiza pembeni "kwa usalama" na mpango wote utavurugika.

Akiba ya dharura usiikisie milele. Angalia wiki mbaya zaidi za miezi sita iliyopita. Filta ikiisha kabla ya mzigo mara mbili mfululizo, akiba ni ndogo. Ikiwa kila mzigo unapofika unakuta 20 na zaidi, kimo ni kikubwa na fedha yako imelala.

Hesabu hii inategemea kitu kimoja ambacho msambazaji hawezi kukiona akiwa mbele ya rafu: mipango ya mteja. Kampuni ikiuza malori kumi na kununua ya aina nyingine, filta 48 zinageuka ghafla kuwa mabaki. Weka kifungu kwamba mteja atatoa taarifa siku 60 kabla ya kubadili magari, na asipotoa, atanunua kilichobaki cha aina ile hadi kufikia kimo mlichokubaliana. Kilichozidi kimo ni cha msambazaji, kwa sababu yeye ndiye aliyekileta.

Hatua ya 6: Hesabu pamoja, kisha toa ankara

Hesabu ifanywe na watu wawili, mmoja wa kila upande, na wote wasaini kabla hawajatoka stoo. Hesabu ya simu, ya "niambie tu zimebaki ngapi", ndiyo inayozaa madeni yasiyoelezeka.

Wiki mbili zilizopita zilikutwa 20. Baada ya hapo zililetwa 28. Hakuna iliyorudishwa. Leo zimekutwa 21.

```
zilizotoka = zilizokutwa mwanzo + zilizoletwa − zilizorudishwa − zilizokutwa leo
zilizotoka = 20 + 28 − 0 − 21 = 27
```

Daftari la kutolea na jobu kadi za karakana zinaonyesha filta 24. Tatu hazina maelezo. Kwa bei ya shilingi 35,000 kabla ya kodi, ankara ya filta 27 ni 945,000, ya 24 ni 840,000. Hiyo tofauti ya 105,000 ndiyo ile sentensi ya mwisho ya kifungu cha Hatua ya 2: zilizokosekana zinachukuliwa kuwa zimetolewa, ankara ni ya 27. Bila sentensi ile, mteja angekuwa na hoja ya kulipia 24 tu, na tatu zingekuwa hasara ya mtu asiye na funguo.

Lakini usikimbilie kutoa ankara kabla ya kuchunguza, maana upungufu mara nyingi ni wa karatasi. Angalia kwanza kama mzigo wa mwisho uliingia pungufu: stoo kipa alihesabu au alisaini tu? Angalia kama lori lililoharibikia njiani lilipelekewa filta usiku bila jobu kadi. Angalia rafu ya jirani, huenda boksi limehamia huko. Upungufu wa bidhaa tofautitofauti, moja hapa mbili pale, huwa ni uzembe wa kuandika. Upungufu wa bidhaa ileile kila hesabu, hasa ndogo na yenye soko la haraka nje ya geti, ni wizi, na hapo mwambie mwenye kampuni ana kwa ana, siyo kwa kuiweka kwenye ankara ili aigundue mwenyewe. Ikiwa badala yake mmekuta ziada, usifurahi: mara nyingi ni filta alizonunua mteja kwingine zimeingia kwenye rafu yako, na kesho utazitoza.

Hatua ya 7: Ondoa kilicholala

Kila robo mwaka pitia daftari utafute bidhaa ambayo haijatoka hata moja. Ichukue, ipeleke kwa mteja mwingine ambako inatembea. Haki hiyo ya kuichukua, na kuifanya kweli, pia ni ushahidi kwamba mali ilikuwa yako muda wote. Andika hati ya kurudisha, isainiwe, na uipunguze kwenye hesabu inayofuata, la sivyo itatokea kama upungufu na mteja wako ataletewa ankara ya kitu ulichobeba mwenyewe.

Mpango ukivunjika, iwe kwa ugomvi au kwa heri, mkataba uwe umeshakuruhusu kuingia yadini ndani ya siku chache, saa za kazi, kuhesabu na kubeba. Nenda na gari, delivari noti zote, na orodha ya hesabu ya mwisho iliyosainiwa. Hesabuni pamoja, kilichopo kipakiwe, kisichopo kiandikwe ankara siku hiyohiyo, na kibao cha rafu king'olewe na uondoke nacho.